Barua ya madai kwa mteja asiyelipa

"Nilimtengenezea mteja tovuti Nairobi, deposit kalipa, balansi hadi leo kimya. Nimwandikie aje bila kuonekana namtisha?"

Sasa mkuu, barua ya ukurasa mmoja inatosha. Anza na hesabu, asibaki na la kuuliza: tulikubaliana 85,000 kwa meseji ya tarehe fulani, ukalipa 30,000, kazi nikakukabidhi tarehe fulani na ukaipokea, imebaki 55,000. Ambatisha invoisi na skrinshoti ya pale alisema "iko sawa", hiyo ndio nguvu yako yote. Deni likiwa 55,000 usiandike 70,000 ati ni usumbufu, kama hamkukubaliana riba utajiharibia tu.

Dedilaini iwe tarehe kamili, si "haraka iwezekanavyo". Siku 14 ni za haki, na weka namba ya kulipia hapo hapo.

Matokeo ni sentensi moja: "Nisipopokea 55,000 kufikia tarehe hiyo, nitafungua kesi Mahakama ya Madai Madogo bila notisi nyingine." Inapokea madai hadi milioni moja na hulazimiki kuwa na wakili. Polisi, kumwanika Facebook, kumpigia bosi wake, hizo toa kabisa, hiyo ndio vitisho na hakimu atazisoma.

Halafu usiandike juu "bila kuathiri haki", watu hukopi tu, hayo ni ya barua za kujadili maelewano na unaweza kuzuiwa kuionyesha kortini. Tuma kwa imeili na Whatsapp, uweke ushahidi kwamba imefika.