Picha zinapoachana na wimbo: nusu fremu inayoharibu kazi nzima

Kijana mmoja anayehariri video za sherehe huko Makambako aliniandikia ujumbe ambao nimeusoma kwa furaha, kwa sababu ameeleza tatizo lake vizuri kuliko wengi wanaoniuliza. Alisema: "Kaka, habari za kazi. Nimepanga picha za maharusi juu ya wimbo, kila picha nimeipa muda uleule. Mwanzoni zinabadilika pamoja na ngoma vizuri kabisa, lakini zikikaribia sekunde ya arobaini zinaachana na wimbo, halafu mbele zaidi zinarudi zenyewe. Nimefuta na kupanga upya, tatizo ni lilelile. Je, kompyuta yangu ndiyo mbovu?"

Kompyuta yake ni nzima. Nimemjibu kwa ufupi, lakini jibu kamili linahitaji nafasi, nami nitalitoa kwa kutumia kazi niliyoimaliza hivi karibuni kwa ajili ya sherehe ya mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, iliyofanyika Tukuyu. Watoto wake waliniletea picha za zamani zilizopigwa skani, picha za simu, na klipu fupi za mwalimu akiwa shambani kwenye chai na akiwa shuleni. Wimbo waliouchagua ulikuwa wa kwaya, uliorekodiwa kwa kinanda chenye ngoma za mashine, wenye mapigo 96 kwa dakika.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndipo tatizo lilipo. Dakika moja ina sekunde 60, na ukizigawa kwa mapigo 96 unapata sekunde 0.625 kwa kila pigo. Nyimbo nyingi tunazopewa huenda kwa makundi ya mapigo manne, na pigo la kwanza la kila kundi ndilo zito, ndilo ambalo mtu aliyekaa ukumbini hulitikisia kichwa bila kujua. Kundi moja la wimbo ule, basi, lilichukua sekunde 2.5. Mhariri akiona namba hiyo huridhika, akaamua kuipa kila picha sekunde mbili na nusu. Lakini video yetu ina fremu 25 kwa sekunde, na mara 2.5 zinakuwa fremu 62.5. Hakuna nusu fremu. Programu haiwezi kukata katikati ya fremu, hivyo picha itakaa fremu 62 au fremu 63, na ukiinakili picha moja ili nyingine zote zipate urefu wake, kosa lile dogo nalo linanakiliwa kila mara.

Fuatilia linavyokua. Ukitumia fremu 63, kila picha inachelewa kwa nusu fremu zaidi ya ile iliyotangulia. Baada ya picha ya kwanza jicho halioni chochote, wala baada ya picha ya nne. Baada ya picha 16, ambazo kwa wimbo ule ni sekunde 40, umechelewa kwa fremu 8. Sasa pigo moja lina fremu 15.625, maana yake fremu 8 ni nusu ya pigo. Picha inabadilika katikati kabisa ya pigo moja na lingine, mahali pabaya kuliko pengine pote, na hapo ndipo ndugu yangu wa Makambako alipoona picha zimeachana na wimbo. Ukiendelea hadi sekunde ya 80 umechelewa kwa fremu 16, yaani pigo zima, na mikato inaangukia tena kwenye ngoma. Hiyo ndiyo sababu aliona "zinarudi zenyewe". Hazikurudi. Zimeangukia pigo la pili la kundi, lile jepesi, na msikilizaji makini atahisi kuwa picha zinakuja baada ya wimbo kusema.

Dawa yake kwa wimbo ule ni nyepesi: makundi mawili ya mapigo manne ni sekunde 5 kamili, na sekunde 5 ni fremu 125 bila kubaki nusu. Kwa hiyo picha za kundi kubwa la watu, ambazo jicho linahitaji muda kuzipitia, nilizipa fremu 125. Pale nilipotaka picha mbili ndani ya muda huo, ya kwanza niliipa 62 na ya pili 63, na kosa likafutwa kabla halijakua. Wimbo wenye mwendo mwingine utakupa namba nyingine, lakini swali ni lilelile: baada ya makundi mangapi hesabu inarudi kuwa fremu kamili? Hapo ndipo pa kujifungia, na ndani yake unaweza kugawa utakavyo.

Niliwahi kufanya kazi katika studio moja ya Iringa ambako hesabu hii ilionekana kuwa ni kupoteza muda. Mwenye studio aliniambia mbele ya wenzangu kwamba mteja haoni fremu, anaona sura yake, na baadaye kazi za harusi akawa anampa mtu mwingine aliyemaliza haraka kuliko mimi. Maneno yale bado yananiuma, kwa sababu si ya kweli. Mteja haoni fremu, ni sawa, lakini anaona kwamba video haina uhai, na kwa kuwa hana maneno ya kulieleza jambo hilo, husema tu kwamba hakuipenda. Wewe unayelipwa fedha ya mtu unapaswa kuwa na maneno hayo.

Kabla ya kuamini hesabu, hata hivyo, hakikisha wimbo wenyewe una mwendo mmoja. Mimi huvuta karibu mchoro wa sauti kwenye taimlaini hadi mlima wa pigo zito la kwanza uonekane wazi, kisha naweka alama kwa kibonyezo cha M, ambacho hufanya kazi hiyo katika DaVinci Resolve na katika Premiere Pro pia. Usiwe umechagua klipu yoyote wakati huo, la sivyo alama itakaa juu ya klipu badala ya taimlaini. Katika wimbo wa mwalimu pigo hilo lilikuwa 00:00:02:05. Kama mapigo ni 96 kweli na hayabadiliki, basi baada ya makundi 16 pigo zito linapaswa kuwa 00:00:42:05. Nilikwenda hapo na kuukuta mlima wa sauti umesimama mahali pake, nikajua hesabu itanifikisha mwisho. Ukikuta mlima umesogea kwa fremu kadhaa, ama umehesabu mapigo vibaya, ama waimbaji walirekodi bila mashine na mwendo wao unapanda na kushuka, jambo la kawaida kwa kwaya zilizorekodiwa kanisani. Wimbo wa namna hiyo hauna njia ya mkato: weka alama kwenye kila pigo zito kwa mkono, kisha kila picha ianze kwenye alama yake, hata kama moja itakaa fremu 60 na nyingine 66.

Katika kuweka alama kwa mkono wengi wanaharibikiwa na spika za masikioni za blututhi. Sauti yake huchelewa kufika sikioni, nawe ukibonyeza M kwa kufuata unachosikia, alama zote zinakaa nyuma ya ngoma. Lakini hitilafu hii ni tofauti na ile ya nusu fremu, na ni muhimu uzitofautishe. Kosa la nusu fremu huanza likiwa halionekani na kukua kadiri wimbo unavyokwenda. Kosa la blututhi lipo tangu picha ya kwanza na halikui, kwa kuwa kila mkato umechelewa kwa kiasi kinachokaribiana. La kwanza hulitibu kwa hesabu. La pili hulitibu kwa kutumia hedifoni za waya na kuzirudisha alama juu ya milima ya sauti unayoiona kwa macho.

Hayo yote ni ya picha. Klipu zina sheria yao, na hapa ndipo ninapoona wahariri wengi wazuri wakiishia njiani. Kati ya klipu za mwalimu kulikuwa na moja iliyopigwa kwa simu, akigonga kengele ya shule, ambayo ni ringi ya gari iliyotundikwa mtini na kugongwa kwa chuma. Tangu klipu inapoanza, mkono unapanda, unasita, unashuka, na chuma kinagusa ringi. Ukiikata klipu hii ili ianzie kwenye pigo zito, umeufuata wimbo kwa karatasi tu, kwa sababu jicho halitaujali mkato. Jicho linasubiri chuma kigonge, na kikigonga fremu kumi baada ya ngoma, mtazamaji ataona kuchelewa ingawa mkato wako ni sahihi.

Nilisogeza klipu ile fremu kwa fremu. Chuma kinaposhuka kinaonekana kama ukungu mwembamba, kisha katika fremu moja ukungu unakatika na chuma kinasimama juu ya ringi. Fremu hiyo niliiwekea alama ya klipu, nikaivuta klipu nzima hadi alama hiyo ikae chini ya alama ya pigo zito ambapo sauti zote za kwaya zinaingia. Mkato wenyewe ukawa mapema zaidi, kwenye pigo la tatu la kundi lililotangulia, na hivyo watu wakapata mapigo mawili ya kuuona mkono ukipanda. Sauti ya simu niliiondoa, kwa kuwa ngoma ya wimbo ndiyo ikawa mlio wa kengele.

Ukumbini Tukuyu chuma kilipogonga na kwaya ikaingia, akina mama waliokuwa mbele walipiga vigelegele na wanafunzi wa zamani wakasimama. Ninaandika hivi kwa fahari, na sioni sababu ya kuificha. Binti wa mwalimu alinifuata na kuniuliza niliwezaje kupata wimbo wenye kengele ndani yake. Wimbo hauna kengele.

Jambo la mwisho linahusu picha zinazoyeyukiana, kwani wateja wetu wanazipenda. Picha mbili zikiyeyukiana kwa fremu 20, jicho huipokea picha mpya zinapofika karibu na nusu, na si mwanzoni. Ukianzisha myeyuko kwenye pigo, picha itaonekana imechelewa kwa fremu kama kumi. Weka mkato kwenye alama, kisha hakikisha myeyuko umekaa katikati ya mkato, fremu kumi upande huu na fremu kumi upande ule. Ukishamaliza kuhifadhi video, usiangalie mwanzo wake, kwa sababu mwanzo huwa sawa hata kwenye kazi mbovu. Nenda moja kwa moja kwenye picha tatu za mwisho, uvae hedifoni za waya, na uone kama zinaangukia pigo zito au jirani yake.