Aliyelewa si Mlevi: Kutafsiri Masharti ya Vileo

Swali: Ndugu Mtaalamu, hoteli imenipa orodha ya vinywaji na masharti yake niyatafsiri kutoka Kiingereza. Nimeandika: «Tunauza pombe kwa wenye zaidi ya miaka 18 tu. Walevi hawatahudumiwa.» Je, yanafaa?

Jibu: Sentensi ya kwanza inayumba kwenye neno «zaidi», kwa sababu anayeisoma kama ilivyo anaweza kudai kwamba kijana aliyefikisha miaka 18 leo asubuhi bado hajaruhusiwa, ilhali sheria inayoweka mpaka katika umri huo humruhusu tangu siku hiyo. Kitenzi «kutimiza» kinaondoa shaka: «aliyetimiza miaka 18». Namba yenyewe ibaki ile ya nchi ilipo hoteli, maana kwingine ni 20 au 21. Vilevile «kuuza» peke yake hakutoshi, kwani mzazi anaweza kununua bia halafu akampa mwanawe pale pale mezani.

«Walevi» ndilo kosa zito zaidi. Mlevi ni mtu mwenye mazoea ya ulevi, hata akiwa hajanywa siku hiyo, ilhali masharti yanamhusu mtu aliyelewa sasa hivi, ambaye huenda ndiyo mara yake ya kwanza. Ukibandika neno hilo ukutani, umewatukana wateja na tena umemkosa uliyemkusudia. Andika «aliyelewa» au, kwa kuwa mhudumu hana kipimo zaidi ya macho yake, «anayeonekana amelewa».

Hoteli nyingi huongeza kwamba anayeonekana kuwa chini ya miaka 25 ataombwa kitambulisho. Hapo wasomaji hudhani 25 ndio umri wa kuruhusiwa, hivyo taja sababu ndani ya sentensi hiyo hiyo. Mimi ningeandika hivi:

«Hatumuuzii wala hatumpi kileo mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na hairuhusiwi kumnunulia. Ukionekana una umri wa chini ya miaka 25, tutakuomba kitambulisho ili kuthibitisha kwamba umetimiza miaka 18. Tunaweza kukataa kumhudumia kileo mtu anayeonekana amelewa.»

Angalia «tunaweza» na «kileo» katika sentensi ya mwisho. Ikiwa matini asilia yanampa mhudumu hiari, usiyageuze kuwa katazo. Na yakiwa yanakataza, andika «hatutamhudumia». Neno «kileo» nalo linaacha mlango wa kumpa maji au chakula, jambo ambalo mhudumu mzuri hulifanya.

Kwenye orodha yenyewe, «vinywaji laini» ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Wateja husema vinywaji baridi. Kwa zabibu zilizochachushwa napendelea «divai», kwa sababu «mvinyo» kwa baadhi ya wasomaji hugusa hata pombe kali. Kuhusu bia isiyo na kilevi, soma lebo kwanza: nchi nyingi huruhusu jina hilo hata kinywaji kikiwa na kilevi cha hadi asilimia 0.5 ya ujazo, kwa hiyo nakili asilimia iliyo kwenye lebo kando ya jina badala ya kuandika «haina kilevi kabisa».