Moramu ikipungua usizibe kwa mchanga: kwa mafundi wanaoanza pevingi huku Mtwara

Wadogo zangu, juzi nimepita kwenye kazi moja maeneo ya Chuno nikakuta vijana wanamwaga mchanga kwenye bonde ili wapate levo ya kupanga pevingi. Nimesimama nimewaeleza, wakaitikia "sawa, fundi", nikageuka, toroli likamwagwa tena. Nawapenda kwa kuwa mnachapa kazi, ila kwa hili mnaniudhi kweli. Kuvuta kamba na kupima kwa mpira wa maji mnajua, huko sirudi.

1. Hesabu ya moramu ifanyeni kwa ujazo wa lori, siyo kwa ujazo wa shimo.

Hapa ndipo nilipoumia mwenyewe, na naeleza kirefu kwa sababu kosa lenyewe halionekani siku ya kukabidhi. Kazi ilikuwa njia ya gari ya mama mmoja, kutoka getini hadi gereji, mita 15 kwa mita 4. Hiyo ni mita za mraba 60. Pevingi zilikuwa za sentimita 6, ambazo kwa gari ndogo na pikapu zinatosha. Pangekuwa panaingia malori ya korosho ningedai za sentimita 8. Chini yake mchanga sentimita 3, na chini ya mchanga moramu iliyoshindiliwa sentimita 15. Jumla sentimita 24, na ndivyo tulivyochimba.

Nikapiga hesabu: 60 mara 0.15 ni kyubiki 9. Nikaagiza kyubiki 9. Sasa moramu ya kwenye lori imelegea, imejaa hewa. Ukiishindilia vizuri hupungua karibu robo, kwa hiyo zile 9 zilikuwa zinakwenda kuwa 7 tu. Nilitakiwa kuagiza 12. Tulianza kumwaga upande wa gereji, tukashindilia vizuri tabaka kwa tabaka, na kule kukatoka sentimita 15 kamili. Tulipofika mita 5 za mwisho, karibu na geti, moramu ikaisha. Pale palibaki na sentimita 5 tu.

Lori la pili lingekuja kesho yake, vibarua wapo wamesimama, mteja anauliza tunamaliza lini. Mchanga ulikuwepo umejaa. Nikasema zibeni. Kwa hiyo getini mchanga ukawa sentimita 13 badala ya 3. Tukapitisha pima maji, uso ukawa sawa kabisa, tukapanga, tukapitisha kompakta, tukafagia mchanga wa viungo. Oktoba nikalipwa, mama akanishukuru.

Mvua za Desemba zilipokolea, Januari akanipigia: "Baba, gari likifika getini linayumba kama mtumbwi." Nilikuta mifereji miwili, palepale matairi yanapopita, imezama kama sentimita 4, na maji yamelala ndani yake. Katikati ya mifereji pevingi zilikuwa zimepanda kidogo. Viungo vilikuwa vimefunguka na mchanga laini umetapakaa juu. Hizo dalili zishikeni. Pevingi zikizama kwenye njia ya tairi huku katikati zikiinuka, mchanga wa chini ni mnene mno, unasukumwa pembeni. Zikizama eneo zima kwa pamoja, tafuteni chini zaidi: shimo la zamani la taka, au udongo uliojazwa bila kushindiliwa.

Sababu ni hii. Mchanga wa kulazia kazi yake ni kuikalisha pevingi tu, haubebi gari. Anayebeba ni moramu. Mchanga ukiwa mwembamba umebanwa kati ya vitu viwili vigumu, hauna pa kwenda. Ukiwa mnene, maji yakiingia na tairi likikanyaga, unahama.

Tulizing'oa pevingi za mita za mraba 20, kama 1,000 hivi, tukazipanga ukutani. Tukatoa mchanga wote, tukaleta moramu, tukaimwagia maji, tukaishindilia kwa matabaka mawili, tukarudisha mchanga sentimita 3 na pevingi zilezile. Gharama yote ilitoka mfukoni mwangu.

2. Pimeni moramu kwa mkono na kwa gari kabla ya mchanga kugusa chini.

Kamata konzi ya moramu iliyomwagiwa maji, ifinye. Ikikaa umbo bila kuchuruzika maji, na ukiidondosha ikavunjika vipande vichache, iko tayari kushindiliwa. Ikiwa vumbi, kompakta itarukaruka tu juu yake. Ikiwa tope, acheni ikauke. Kompakta ya kusukuma kwa mkono haishuki chini sana, kwa hiyo msimwage zaidi ya sentimita 10 kwa mara moja. Mkimaliza, pitisheni pikapu yenye mzigo polepole, mmoja wenu achuchumae aangalie chini ya tairi. Ardhi ikibonyea na kurudi, bado.

3. Mteja akiuliza "pevingi, zege au kokoto?", mwambieni kila kimoja kinatengenezwaje kikiharibika.

Watu wanalinganisha bei ya siku ya kwanza. Ile njia ya yule mama ingekuwa zege, ningeivunja kwa nyundo na vifusi vingetupwa. Kwa hiyo mahali ambapo bomba la maji au la choo litakuja kupita baadaye, napendekeza pevingi.

Zege lina mahali pake. Kwenye mteremko mkali, kama nyumba za mlimani kule Mikindani, mvua hulikuta palepale lilipomwagwa. Kwa njia ileile ya mita za mraba 60, unene wa sentimita 10 ni kyubiki 6 za zege, na kwa mchanganyiko wa 1:2:4 ni karibu mifuko 38 ya saruji. Kateni viungo kila mita 3 au pungufu, vinginevyo zege litajichagulia lenyewe pa kupasukia. Mwageni alfajiri, kwa sababu upepo wa bahari na jua la huku hukausha uso kabla ndani hapajashika, kisha funikeni kwa magunia yenye maji siku 7. Na mchanga wa ufukweni msiuingize kwenye zege hata ukiwa bure. Chumvi yake inakula nondo.

Kokoto iliyoshindiliwa ni ya njia ndefu, kutoka barabarani hadi getini, pasipo na mteremko mkubwa. Chagueni iliyopondwa, yenye pembe, kubwa na ndogo zikiwa pamoja na vumbi lake, ndiyo inayoshikana. Ile ya mviringo ya mtoni hukimbia chini ya tairi mwaka mzima. Mteja aambiwe mapema kwamba kila baada ya masika ataongeza kidogo.

4. Maji na kingo.

Mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita, kwenda mbali na nyumba, kwa zote tatu. Mteremko huo uanzie kwenye moramu, msiutengeneze kwa mchanga.

Kingo za pevingi zikae ndani ya zege, na zege hilo lipande nyuma yake hadi nusu ya urefu. Kingo iliyosimamishwa kwenye udongo mtupu husukumwa nje, na safu ya kwanza ya pevingi ikishaachia, ya pili inafuata. Mchanga wa viungo uwe mkavu na laini. Ufagieni, pitisheni kompakta, ufagieni tena, na baada ya mvua kubwa za kwanza rudini mjaze palipopungua. Hiyo safari ya kurudi iwekeni kwenye bei tangu mwanzo.