Barua ya kujitoa kwenye usaili haihitaji cheti cha daktari

Swali: Shikamoo Mwalimu. Nimeitwa usaili wa Chevening, ule ufadhili wa masomo wa serikali ya Uingereza, Jumatano ijayo, Dar. Mama amepata kiharusi, amelazwa Bombo, na mtoto aliye karibu ni mimi peke yangu. Nimeamua kujitoa. Kuna kaka kwenye grupu letu la WhatsApp anaandika barua hizi kwa elfu arobaini pamoja na cheti cha daktari. Anasema bila cheti jina langu litafungiwa. Niandikeje ili nisiharibu nafasi ya kuomba tena? – Msomaji, Tanga

Jibu: Marahaba, na pole sana kwa kuuguza.

Nianze na huyo kaka wa elfu arobaini, maana kila msimu wa usaili ukifika swali hili naletewa, na kila mara nyuma yake yupo mtu wa namna hiyo. Jina lako halifungiwi popote. Chevening wanamruhusu kuomba tena hata aliyefika mbele ya jopo akajibu ovyo na kuanguka, sembuse wewe uliyewaambia mapema kwamba hutafika. Kinachomwangusha mwombaji ni kusema uongo, na cheti cha kununua ni uongo wenye mhuri.

Kasoro ninayoiona zaidi kwenye barua hizi haihusu ushahidi kabisa. Ni kwamba mwandishi hajaamua anachoomba. Niliwahi kukaa kwenye jopo la ufadhili mwingine, si huo wako, na asubuhi moja tulikuwa watu wanne tukimsubiri kijana wa saa nne. Usiku wa kuamkia siku ile alikuwa ametuma barua pepe ndefu, kama kurasa tatu ukiichapa. Ilianzia utotoni mwake, ikapita kwenye ada ya sekondari, ikafika kwa baba yake aliyekuwa mahututi, na picha ya mzee yule akiwa na barakoa ya oksijeni imebandikwa chini. Mstari wa mwisho ulisema: naomba mnihifadhie nafasi yangu hadi mwakani, ila kama itawezekana wiki ijayo nitashukuru. Katibu aliisoma mara mbili, akatugeukia: "Sasa huyu amejitoa au anaahirisha?" Hakuna aliyejua. Akampigia, simu imezimwa. Kwenye fomu ikaandikwa neno moja, "hakufika", na ile saa ikapotea bila kupewa mtu wa akiba. Kijana hakuwa na kosa la tabia. Aliandika barua ya kuomba huruma wakati iliyohitajika ilikuwa barua ya taarifa.

Kwa hiyo, kabla hujagusa kibodi, jiulize swali moja: wiki mbili tatu zingebadilisha chochote? Usaili wa Chevening haufanyiki siku moja. Kwa kawaida unaanza kuelekea mwisho wa Februari na kuendelea hadi Aprili, kwa hiyo mtu ambaye mgonjwa wake anakaribia kuruhusiwa anaweza kuomba tarehe nyingine ndani ya kipindi hicho, na jopo likakubali au likakataa kulingana na ratiba yake. Hilo ni ombi. Kujitoa ni taarifa, na ukishaituma usitegemee kuirudisha. Wewe unasema umeamua, nami sikubishii. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza anageuzwa kila baada ya saa mbili hivi asipate vidonda, na anayemgeuza usiku kucha hana kichwa cha kujibu maswali ya jopo mchana. Ila chagua moja, na barua ibebe hilo moja tu.

Na ule msemo wa "mnihifadhie nafasi yangu" uondoe kabisa. Huu ndio upotofu unaonichosha kuliko yote. Watu wanadhani kuacha mlango wazi maana yake ni kupata ahadi ya jopo. Jopo halina ahadi ya kutoa. Ufadhili wa Chevening ni wa mwaka husika, hausogezwi mbele hata kwa mtu aliyeshinda, seuze kwa aliyekuwa bado anasubiri kusailiwa. Mwakani utajaza fomu mpya, utaandika insha upya, na utashindanishwa na watu wapya. Ukiomba wakuhifadhie, unaomba kitu ambacho afisa anayekusoma hana mamlaka nacho, na jibu pekee analoweza kukupa ni "hapana". Unajitafutia kukataliwa bila sababu. Dirisha la maombi hufunguliwa kila Agosti, kwa hiyo tangu sasa hadi hapo ni miezi michache tu. Mlango haujafungwa, wewe unataja tu kwamba utarudi kuupitia.

Barua yenyewe ni fupi kuliko unavyodhani. Naiweka hapa kwa Kiswahili makusudi, ili usiinakili. Itafsiri mwenyewe kwa Kiingereza chako cha kawaida, kile ulichoandikia insha zako:

*Kichwa: Kujitoa kwenye usaili – jina kamili – namba ya maombi – tarehe na saa ya usaili*

*Ndugu wahusika,*

*Naandika kuwajulisha kwamba najitoa kwenye usaili wangu uliopangwa Jumatano, saa tano asubuhi. Mzazi wangu ameugua ghafla na kwa uzito, na mimi ndiye mwangalizi wake mkuu, hivyo sitaweza kuhudhuria tarehe hiyo wala nyingine ndani ya kipindi hiki cha usaili. Nawaarifu mapema ili nafasi hiyo ipewe mwombaji mwingine. Nashukuru kwa kuteuliwa hadi hatua hii. Nakusudia kutuma maombi mapya dirisha litakapofunguliwa tena. Naomba mnithibitishie kwamba mmepokea taarifa hii, na mnielekeze kama kuna hatua ninayotakiwa kuikamilisha kwenye akaunti yangu.*

Basi. Uamuzi uko kwenye sentensi ya kwanza, kwa sababu anayesoma ana barua nyingine sitini na huenda hafiki ya tatu. Maneno "wala nyingine ndani ya kipindi hiki" ndiyo yanayomwokoa katibu na lile swali la amejitoa au anaahirisha. Ugonjwa umetajwa kwa uzito wake, si kwa jina lake. Kiharusi ni habari ya Mama. Sheria yetu ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na hata kama isingekuwapo, sidhani mama yako angependa picha yake ya wodini izunguke ofisi ya watu asiowajua. Sentensi ya kurudi imesema "nakusudia", haijasema "naomba mnifikirie". Ya kwanza inamwachia afisa nafasi ya kujibu kwa wema bila kuahidi kitu. Ya pili inamsukuma ukutani.

Itume kutoka anwani ile ile uliyoombea, kwa kuijibu barua pepe iliyokuita kwenye usaili, ili kumbukumbu zote zikae pamoja. Tuma leo, usingoje Jumanne usiku. Siku moja ya kazi ikipita bila jibu, piga simu au andika tena mistari miwili, kwa sababu barua isiyothibitishwa inaweza kuwa imekwama kwenye taka huku wewe unahesabiwa kuwa hukutokea. Uthibitisho ukija, uhifadhi. Usifute akaunti na usibonyeze chochote kwenye mfumo mpaka wakuelekeze.

Kisha waarifu wale wadhamini wako wawili walioandika barua za kukusifia. Mstari mmoja unatosha, lakini wasijue kwa watu. Agosti utarudi kuwaomba tena. Vyuo vilivyokupa nafasi navyo ni habari tofauti kabisa. Kujitoa Chevening hakufuti nafasi ya chuo. Waandikie wao moja kwa moja uulize kama nafasi yako inaweza kusogezwa mwaka mmoja, maana vyuo vingi vina utaratibu huo. Na usilipe amana yoyote kabla hujapata jibu.

Je, wakikuomba ushahidi? Kwa barua ya kujitoa ni nadra, kwa sababu hakuna unachopewa unapojitoa. Wakiomba, nenda kwa muuguzi mkuu wa wodi ueleze unachohitaji: barua fupi ya kweli, yenye mhuri wa kweli, inayosema tu kwamba mgonjwa amelazwa na wewe ndiye unayemuuguza.

Sasa turudi kwa muuza barua, na hapa sikusemei wewe tu. Hawa watu wanaishi kwa kuuza hofu ambayo wameitengeneza wenyewe: kwanza wanakwambia utafungiwa, halafu wanakuuzia ufunguo. Barua zao ni moja, jina ndilo linabadilika. Nimekaa mezani nikasoma "moyo wangu unavuja damu ninapoandika maneno haya" kutoka kwa waombaji watatu wasiojuana, msimu mmoja, hata koma zikiwa pale pale. Vyeti ndiyo balaa zaidi. Kimoja kilikuwa na mhuri wa hospitali ya Mwanza, wakati mwombaji mwenyewe ameandika aya ya juu kwamba anamuuguza baba yake Moshi. Kingine kilisainiwa tarehe ambayo ilikuwa bado haijafika. Hakuna aliyeviomba vyeti hivyo. Bila cheti, wale wangekuwa waombaji waliopata msiba wa kawaida na wangerudi mwakani kama watu wengine. Wakiwa na cheti, wakawa watu wanaowasilisha nyaraka za kughushi, na kughushi kwa sheria zetu ni jinai; haijalishi kama mama kweli anaumwa.

Kitu cha mwisho, ambacho wengi hawaniambii mpaka niwaulize. Hawa mafundi huomba nywila ya akaunti yako ya maombi, eti "wakuwekee vizuri kwenye mfumo". Humo ndani kuna namba yako ya pasipoti, vyeti vyako, anwani za wadhamini wako na insha zako zote, ambazo msimu ujao unaweza kuzikuta kwa mwombaji mwingine. Kama umeshampa, badilisha nywila ya akaunti na ya barua pepe usiku huu, kisha ndipo uwaandikie jopo.