Swali la "kwa kiasi gani" linataka kipimo: mfano wa Bi Somoe na ghala la chama

*"Walimu wangu, shikamooni. Mdogo wangu yuko kidato cha tatu hapa Nachingwea. Kwenye ufahamu maswali mengine anapata vizuri, ila likija la 'kwa kiasi gani' anaambulia 3 au 4 kati ya 10, na pembeni ameandikiwa 'umesimulia'. Anatakiwa kuandika aya moja yenye ushahidi wa kifungu. Aiandikeje?"*

Marahaba, dada. Nafundisha Kiswahili upande wa Newala, na neno hilo "umesimulia" nimeliandika kwenye madaftari mara nyingi mno. Miaka ya mwanzo nililiandika bila kumwonyesha mtoto afanye nini badala yake, na hilo linaniuma mpaka leo, kwa hiyo niruhusu niende taratibu na mfano mmoja tu.

Hiki ni kifungu nilichokitunga mwenyewe kwa ajili ya darasa langu:

> Zamani Bi Somoe aliuza korosho zake mlangoni kwa mchuuzi aliyekuja na bakuli lake mwenyewe. Siku hizi anazipeleka kwenye ghala la chama, zinapimwa kwa mizani mbele yake, naye anarudi na stakabadhi mkononi. Msimu uliopita alipeleka magunia sita, na bei ya mnada ilikuwa karibu mara mbili ya bei ya mchuuzi. Fedha ziliingia wiki ya tano. Kabla hazijaingia, mtoto aliugua usiku, na Bi Somoe akajaza bakuli mbili za korosho alizozibakiza chini ya kitanda, akampelekea mchuuzi yule yule. "Ghala linanilipa vizuri," alimwambia jirani, "lakini halinilipi leo."

Swali: *Kwa kiasi gani ghala la chama limemwondoa Bi Somoe mikononi mwa mchuuzi? Jibu kwa aya moja ukitumia ushahidi kutoka kwenye kifungu. (Alama 10)*

Na hili ndilo jibu ninalolipata kwa wengi:

> Ghala la chama limemsaidia sana Bi Somoe. Kwanza, anapimiwa kwa mizani. Pili, anapata stakabadhi. Tatu, anapata bei nzuri. Lakini fedha zinachelewa na mtoto aliugua. Kwa hiyo ghala lina faida na hasara zake.

Hakuna uongo hata mmoja hapo, na ndiyo maana mtoto hushangaa akipewa 3. Tatizo liko kwenye sentensi ya kwanza. Swali limeuliza kuhusu *kumwondoa mikononi mwa mchuuzi*, yeye akajibu kuhusu *kumsaidia*. Akishabadilisha kitenzi, kila kitu kizuri kinachotajwa kwenye kifungu kinakuwa jibu, hata stakabadhi ambayo hapo hajaeleza inamhusu vipi mchuuzi. Ndipo anapoanza kwanza, pili, tatu, na anaishia kwenye faida na hasara, swali ambalo hakuna aliyeuliza. Mwambie mdogo wako apigie mstari kitenzi cha swali, na kitenzi hicho hicho kionekane kwenye sentensi yake ya kwanza. Sifahamu kosa linalokula alama nyingi kuliko hili.

Sasa hilo "kwa kiasi gani". Linataka kipimo, na kipimo hakipatikani kwa kusema tu "kwa kiasi kikubwa" au "kwa kiasi fulani". Huyo "fulani" ndiye mbaya zaidi, maana hakuna anachokisema. Kipimo kinapatikana kwa kutafuta mpaka: jambo hili ni kweli mpaka wapi, na linakoma wapi? Huwa nakaa na mwanafunzi, kifungu kiko mezani, ana penseli. Anaweka alama ya kujumlisha pembeni mwa kila mahali ambapo mchuuzi amepoteza nguvu, na ya kutoa kila mahali ambapo bado anayo. Kwa Bi Somoe kujumlisha kunaangukia kwenye mizani, magunia sita na bei. Kutoa kunaangukia kwenye wiki ya tano, bakuli mbili, na lile neno "leo". Kisha namuuliza, alama za kujumlisha zinahusu nini, na za kutoa zinahusu nini? Msichana mmoja aliziangalia kwa muda, akasema, "Mwalimu, huku ni bei, huku ni muda." Mpaka wenyewe ndio huo. Ghala limemshinda mchuuzi kwenye kipimo na bei, halijamshinda kwenye haraka. Aliyeuona mpaka ameshapata sentensi yake ya kwanza.

Ushahidi nao una namna ya kuushika. Usinukuu sentensi nzima. Maneno mawili hadi matano yanatosha, yale yenye uzito, halafu useme maneno hayo yanathibitisha nini. Chukua "bakuli lake mwenyewe". Mwanafunzi akiandika tu kwamba "mchuuzi alikuja na bakuli lake mwenyewe", amesimulia. Akiongeza kwamba mnunuzi ndiye aliyeleta kipimo, kwa hiyo muuzaji hakuwa na njia ya kujua kama amepunjwa, hapo ametumia ushahidi. Vivyo hivyo "yule yule": kifungu kingeweza kusema "mchuuzi" basi, lakini kimesema *yule yule*, maana yake uhusiano wa zamani haujakatika. Maneno madogo kama hayo watoto huyaruka kwa sababu hayaonekani kuwa "pointi".

Aya nzima basi inaweza kuwa hivi:

> Ghala la chama limemwondoa Bi Somoe mikononi mwa mchuuzi kwa kiasi kikubwa katika kipimo na bei, ila halijamwondoa pale anapohitaji fedha ya siku hiyo hiyo. Zamani mchuuzi alikuja na "bakuli lake mwenyewe", yaani mnunuzi ndiye aliyeamua kipimo. Sasa korosho zinapimwa "kwa mizani mbele yake", hivyo nguvu hiyo imemtoka mchuuzi. Bei ya mnada iliyokuwa "karibu mara mbili" nayo imemwondolea Bi Somoe sababu ya kumuuzia mchuuzi kwa hiari. Hata hivyo, malipo yalifika "wiki ya tano", na mtoto alipougua kabla ya hapo alirudi kwa mchuuzi "yule yule", jambo linaloonyesha kwamba shida ya ghafla bado inamrudisha kule kule. Lakini alichompelekea ni "bakuli mbili", wakati ghalani alipeleka "magunia sita". Mchuuzi sasa anapata kidogo kilichobaki, wala si mavuno. Kwa hiyo ghala limevunja nguvu ya mchuuzi juu ya mavuno ya Bi Somoe, ila si juu ya dharura zake, kama anavyosema mwenyewe kwamba ghala "halinilipi leo".

Angalia kinachotokea baada ya "hata hivyo". Wengi huweka upande wa pili kisha hukimbilia "kwa hiyo", pande zote mbili zimekaa sawa kama ndoo mbili za maji kwenye mti. Katika aya hii kuna sentensi moja inayozipima: bakuli mbili kwa magunia sita. Hiyo ndiyo sentensi ya alama. Ninaposahihisha huwa naitafuta hiyo kwanza. Isipokuwepo, jibu haliwezi kupita 6 kwangu hata likiwa na nukuu tano.

Mtu anaweza kunibishia kwamba wingi wa korosho si kipimo sahihi. Yuko sawa kubisha. Mwanafunzi wangu mmoja aliandika kwamba ghala limemwondoa *kwa kiasi kidogo*, kwa hoja kwamba mchuuzi anamshika mtu pale penye shida, na penye shida Bi Somoe alikwenda kwake bila kuwa na njia nyingine. Akapima kwa uzito wa shida, si kwa wingi wa magunia, na akautumia "usiku" kama ushahidi kwamba hakukuwa na nafasi ya kusubiri. Nilimpa 9. Swali la namna hii halina jibu moja lililofichwa ndani ya kifungu. Lina majibu yanayopima na majibu yasiyopima, na mdogo wako asipoteze dakika akihangaika kubuni mwalimu anataka upande gani.

Kuna mtego mwingine ambao kwetu huku Kusini unawanasa watoto wenye akili hasa. Wanaijua korosho kuliko kifungu kinavyoijua. Swali hili niliwapa kidato cha nne, kijana mmoja akaandika kuhusu kangomba, yaani ule ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi, akaeleza kwamba mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza Mtwara msimu wa 2007/2008, akamalizia na mwaka 2018 Serikali iliponunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Yote kweli tupu, na baba yake ni mkulima. Lakini hakuna hata moja lililomo kwenye kifungu. Hata neno kangomba halimo. Kimesema "mchuuzi" na "bakuli". Iliniwia vigumu kumkata alama mtoto anayejua mambo kiasi kile. Nilimwita, nikamwambia ujuzi wake aupeleke kwenye kuelewa kwa nini "bakuli lake mwenyewe" ni maneno mazito, kwa sababu mtoto wa Dar es Salaam huenda asione uzito huo. Asiupeleke kwenye kuandika mambo ambayo kifungu hakijayasema. Aliporudia, sentensi yake kuhusu bakuli ilikuwa bora kuliko ile niliyokuandikia hapo juu.

Kuhusu urefu: kwa alama 10 sentensi sita hadi nane ndefu kiasi zinatosha, na nukuu fupi nne hadi nane. Zikizidi hapo mara nyingi ameanza tena kusimulia.

Ukitaka kujua kama jibu la mdogo wako limekaa sawa, chukua penseli ufute nukuu zote, kisha usome kilichobaki. Kama aya bado inasimama na hakuna kilichopungua, basi nukuu zilikuwa mapambo. Ikianza kuchechemea, ikawa inasema "hivyo nguvu hiyo imemtoka" na msomaji hajui nguvu ipi, basi ushahidi ulikuwa umebeba kitu. Mpe kifungu hiki cha Bi Somoe, aandike upande anaoutaka yeye bila kuiangalia aya yangu, kisha uiweke hapa nimsahihishie.