Saa inayokimbia dakika 5 kila lisaa

"Saa ilisetiwa sawa saa 2 asubuhi, inakimbia dakika 5 kila lisaa, sasa inaonyesha saa 8 na nusu mchana. Muda halisi ni upi?"

Ni saa 8 kamili mdogo wangu. Lisaa moja la kweli likipita hiyo saa inakuwa imetembea dakika 65, sasa toka saa 2 mpaka saa 8 na nusu yenyewe imetembea dakika 390, gawanya kwa 65 unapata 6, ndo masaa ya kweli yaliyopita, jumlisha kwenye saa 2 asubuhi.

Kaka mmoja aliyejibu swali hili kwa kuzidisha 5 mara 6.5 akatoa dakika 32 na nusu yuko karibu ila hajafika, coz hayo masaa 6.5 ameyasoma kwenye saa mbovu, na zile dakika 5 zinahesabiwa kwa lisaa la kweli. Njia yake ingekubali kama swali lingetoa muda halisi likauliza saa inaonyesha ngapi. Hapo ndo wengi wanapoteza maksi.

Ikiwa inachelewa dakika 5 unagawa kwa 55. Ikionyesha saa 7 na nusu imetembea 330, gawa kwa 55, 6 tena.

Dada uliyeuliza kuhusu saa yako ya ukutani, ikichelewa leo dakika 2 kesho 20 hii hesabu haiingii, kwanza badili betri uone.