Chupa imeandikwa 308, mashine inasoma 286: kwa mnaoanza kutumia osmomita

Mtu mgeni akikabidhiwa osmomita, mashine inayopima wingi wa chembe zilizoyeyuka ndani ya majimaji, napenda aanze na dripu ya chumvi ya 0.9% kabla hajagusa sampuli ya mgonjwa. Chupa yake huandikwa 308 mOsmol/L. Weka tone lake kwenye mashine, usubiri, nayo itakuonyesha namba ya karibu 286. Wengi hapo hurudia kipimo, wakipata ileile huosha kihisi joto, na mwisho humwita fundi. Msimwite. Chupa haijakosea, na mashine pia haijakosea. Tofauti ya 22 iliyopo kati yao inatokana na tabia ya ioni ndani ya maji, na ukiielewa vizuri, makosa mengi ya kazi hii utayanusa mapema.

Tuanze na 308 yenyewe. Lita moja ya dripu ina gramu 9 za kloridi ya sodiamu. Moli moja ya chumvi hiyo ni gramu 58.44, kwa hiyo lita ina moli 0.154, yaani milimoli 154. Kila moli ya chumvi ikiyeyuka hutoa moli mbili za ioni, moja ya sodiamu na moja ya kloridi. Mbili mara 154 ni 308. Ni hesabu ya kalamu tu, hakuna aliyepima chochote.

Mashine kwa upande wake haihesabu ioni. Inatafuta joto ambalo sampuli inagandia. Maji matupu huganda kwenye 0 °C, na kila kitu kinachoyeyuka ndani yake hukishusha kiwango hicho. Moli moja ya chembe katika kilo moja ya maji hushusha kwa nyuzi 1.86. Kanuni tunayoitumia ni hii:

ΔT = i × 1.86 × m

Hapo m ni moli za kitu ulichoyeyusha kwa kilo ya maji, na i ni kipeo alichokiingiza van 't Hoff kwenye miaka ya 1880, kwa sababu chumvi na asidi zilikuwa zikishusha joto la kuganda kupita ilivyotarajiwa. Svante Arrhenius ndiye aliyetoa sababu mwaka 1887: vitu hivyo hutengana kuwa ioni vikiwa ndani ya maji, hivyo chembe huongezeka. Kwa sukari i ni 1. Kwa chumvi ya mezani ungetarajia 2.

Dripu yetu huganda kwenye takriban −0.53 °C. Gawa 0.53 kwa 1.86, unapata 0.285, au miliosmoli 285 kwa kilo. Ukiigawa hiyo kwa 0.154, i inakuja kuwa 1.85. Haikufika mbili.

Maelezo ya haraka utakayosikia ni kwamba "sehemu ya chumvi haikutengana". Kwa kloridi ya sodiamu naomba uyaache. Kwenye mmumunyo mwepesi kama huu chumvi hiyo imetengana karibu yote. Ila ioni zikishatengana haziachani kabisa. Kila sodiamu yenye chaji chanya huwa imezungukwa, kwa wastani, na kloridi nyingi kidogo kuliko sodiamu wenzake, na kila kloridi hivyo hivyo kwa upande wake. Mvuto huo hupunguza uhuru wa kila ioni, na nguvu yake ya kushusha joto la kuganda hupungua nao. Mmumunyo ukizidi kuwa mwepesi, ioni zinakaa mbali zaidi na i inapanda: kwenye moli 0.1 kwa kilo ni 1.87, kwenye 0.01 ni 1.94, kwenye 0.001 ni 1.97. Debye na Hückel waliiwekea jambo hili hesabu mwaka 1923, na hesabu yao inafaa kwa mimumunyo myepesi sana tu.

Chaji ikiwa kubwa, mambo yanabadilika kwa kiasi cha kushangaza. Chukua salfeti ya magnesiamu, ile inayochomwa kwa kifafa cha mimba. Nayo hutoa ioni mbili tu, kwa hiyo kwa kalamu ingefanana na chumvi ya mezani. Lakini magnesiamu ina chaji mbili chanya na salfeti ina mbili hasi. Kwenye moli 0.1 kwa kilo, i yake ni 1.21. Ulitarajia miliosmoli 200, unapata kama 121. Hapa ndipo inafaa kusema kuwa baadhi ya ioni zimeshikana hasa, mbili mbili, zikatembea kama chembe moja. Mmumunyo huo ukiuongezea maji hadi 0.001, i inapanda hadi 1.82, kwa sababu jozi zinaachana. Kwa hiyo idadi ya ioni kwenye fomula pekee haitoshi kukupa jibu. Uliza pia chaji zake na ukali wa mmumunyo. (Ukiitengeneza mwenyewe, kumbuka fuwele za kawaida za salfeti hii zina maji saba ndani yake: moli moja ni gramu 246.5, na maji hayo yanajiunga na maji yako.)

Jaribio jingine linalofundisha ni kupima dripu ya glukosi ya 5% kando ya ile ya chumvi. Ikiwa ni gramu 50 za glukosi kavu kwa lita, kalamu inasema 278. Glukosi haitoi ioni, hivyo ungetegemea mashine ikubaliane na kalamu, lakini itasoma karibu 288. Safari hii sababu ni maji. Lita ya dripu hiyo ina uzito wa kama gramu 1,017, na ukitoa glukosi, maji yanabaki gramu 967 tu. Mashine huhesabu kwa kilo ya maji, wala haijui habari ya lita. Basi dripu mbili ambazo kwa lebo zimeachana kwa 30, kwenye mashine zinakaribia kulingana.

Sasa tuje kwenye standadi, mmumunyo wa kusawazishia mashine, mahali ambapo kutoelewa i kunaleta hasara ya kweli. Duka la vifaa likichelewa kuleta, mtu huamua kutengeneza standadi ya 300 mwenyewe. Anafikiri: 300 gawa kwa mbili ni milimoli 150, mara 58.44 ni gramu 8.766. Anayeyusha, anaipa mashine, anaiambia hii ni 300. Lakini angalia jedwali la Farmakopia ya Ulaya: kwa miliosmoli 100 linataka gramu 3.087 za kloridi ya sodiamu kwa kilo ya maji, kwa 200 gramu 6.260, kwa 300 gramu 9.463. Zidisha 3.087 mara tatu, unapata 9.261. Jedwali linadai zaidi ya hapo, na ziada hiyo ya gramu 0.202 ndiyo i inayoshuka kadiri chumvi inavyoongezeka. Mimi namwambia kila mgeni aifanye hesabu hiyo kwa mkono wake, maana humwonyesha jambo lote kwa mstari mmoja.

Ile standadi ya gramu 8.766, ukiisoma kwenye jedwali hilo, ni kama 278. Mashine iliyoambiwa kuwa hiyo ni 300 itaongeza kila kipimo kwa karibu asilimia 8. Mgonjwa mwenye 285, mtu mzima wa afya, atatoka na 307 na daktari atadhani ameishiwa maji mwilini. Ubaya wake ni kwamba ukirudia kipimo namba inarudi ileile vizuri kabisa, na ukiipima standadi yako yenyewe inasoma 300 barabara. Kosa la aina hii halijifichui lenyewe.

Shahidi wa kuaminika ni kitu kisichotoa ioni. Pima gramu 54.05 za glukosi kavu, yeyusha katika kilo moja ya maji safi, na mashine iliyosawazishwa vizuri itasoma 300 na kidogo. Ile iliyosawazishwa vibaya itakaribia 325. Maji yapime kwa mizani. Ukijaza chupa ya ujazo hadi kwenye alama ya lita, umetengeneza kitu kingine, na kwa glukosi kosa hilo ni la asilimia 3 hivi. Chumvi ya standadi nayo ikaushwe kwanza na ipoe mahali pasipo unyevu, kwa sababu unyevu kwenye mizani huhesabiwa kama chumvi.

Kuhusu mashine yenyewe nina machache. Huipoza sampuli nyuzi kadhaa chini ya joto lake la kuganda ikiwa bado majimaji, kisha huitikisa kwa ghafla ili barafu ianze. Joto linaruka juu, linatulia kwa muda, na hapo palipotulia ndipo panaposomwa. Sampuli yenye vumbi au nyuzi za pamba huganda kabla ya wakati na mashine hulalamika. Kijibomba kilichobaki na maji ya kuoshea huteremsha namba, na sampuli iliyoachwa wazi mezani huipandisha. Ukiona vipimo vya sampuli moja vinatawanyika, tafuta huku. Vikikubaliana vyote lakini vimehama upande mmoja, rudi kwenye standadi.

Kuna swali ambalo mwanafunzi makini huniuliza kila mara. Ikiwa i ya chumvi ni 1.85, mbona kanuni ya kukadiria osmolaliti ya seramu, yaani namba ambayo mashine hii huisoma, inazidisha sodiamu kwa mbili, kisha inajumlisha glukosi na urea, na bado inalingana na mashine? Sodiamu 140, glukosi 5, urea 5, jibu 290, na mashine inasoma karibu hapo hapo. Ni makosa mawili yanayofutana. Ioni hufanya kazi kwa kiasi cha asilimia 93 ya ulivyotarajia, ila seramu nayo ni maji kwa kiasi cha asilimia 93 hivi, iliyobaki ni protini na mafuta. Milimoli 140 kwa lita ya seramu ni kama 150 kwa lita ya maji yake. Zidisha 150 kwa mbili kisha kwa 0.93, unarudi karibu 280.

Mlingano huo unavunjika maji ya seramu yanapopungua. Ukiletewa seramu nyeupe kama maziwa kwa mafuta, mashine ya elektroliti inayozimua sampuli kabla ya kupima inaweza kutoa sodiamu 120, wakati osmomita inasoma 288. Mafuta yamekalia nafasi ya maji ndani ya lita, lakini kwenye maji yaliyopo sodiamu ni ya kawaida, na kugandia kwake ni kwa kawaida. Majibu hayo usiyatume yakiwa yamegawanyika. Mpigie daktari, mweleze seramu ilivyoonekana, na sodiamu ipimwe upya kwa mashine isiyozimua kabla mgonjwa hajawekewa chumvi asiyoihitaji.